Mkopo wa milioni moja na laki mbili, mbona akauntini ni pungufu?

Wengi wetu tunaokaa Rissne na mitaa jirani ya Sundbyberg tunajua kuhesabu saa. Bosi akikukata nusu saa kwenye malipo ya usafi, utaiona siku hiyo hiyo na utampigia simu kabla hujafika stesheni. Waliopo kwenye mijengo ni vivyo hivyo, obataimu ya Jumamosi isipoonekana kwenye karatasi ya mshahara, moto unawaka. Lakini benki ya nyumbani ikituingizia mkopo pungufu kwa maelfu ya shilingi, tunasema "ni makato tu" na tunaendelea na safari. Sisi tunaona hapo tunakosea, na leo tunataka kueleza kwa nini, kwa hesabu ya kweli.

Hatusemi kwamba kila upungufu ni wizi. Mkopo kuingia pungufu ya kiasi kilichoidhinishwa ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu kuna gharama ambazo benki huzikata kabla ya kukupa pesa. Tunachosema ni kwamba upungufu wa haki una maelezo hadi shilingi ya mwisho. Ukikosa maelezo, usiugawe mkopo kwanza. Kaa chini upige hesabu.

Tuchukue kisa cha mwenzetu mmoja, fundi wa kupiga plasta, Mkenya, ambaye ametukubalia tutumie hesabu zake bila jina lake wala la benki. Aliomba mkopo benki ya nyumbani ili amalizie nyumba, akiweka hati ya shamba kuwa dhamana. Barua ya ofa ilisema hivi: mkopo shilingi 1,200,000, miezi 36, riba asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2.5. Bima ya mkopo asilimia 0.45 kwa mwaka, inalipwa yote mara moja mwanzoni. Na mwishoni maneno yale ambayo sote tumewahi kuyaruka: "pamoja na kodi na ushuru wote unaohusika."

Siku pesa ilipoingia alikuwa kwenye treni ya bluu akirudi kutoka kazini. Simu ikalia, akafungua, akaona shilingi 1,131,760. Yaani pungufu kwa 68,240. Mke wake alikuwa tayari amemwahidi fundi wa mabati pesa ya siku ya pili. Kwenye stetimenti kulikuwa na mstari mmoja tu wa kuingia, bila mchanganuo wowote. Alichofanya kizuri ni kwamba hakutuma hata senti usiku ule. Alikuja kwetu na karatasi zake, tukakaa jikoni.

Jambo la kwanza tulilofanya si kumpigia afisa wa mikopo. Ukimpigia ukiwa na hasira na huna hesabu, atakujibu "hayo ni makato ya kawaida" na mazungumzo yameisha. Tulichukua barua ya ofa na tukatengeneza hesabu ya pesa ambayo ingepaswa kuingia, kana kwamba hatujaona iliyoingia.

Tukaanza na ada ya kushughulikia mkopo. Asilimia 2.5 ya 1,200,000 ni 30,000. Juu ya ada hiyo kuna ushuru wa bidhaa, ule ambao Kenya hutozwa kwenye ada za benki kwa asilimia 20. Hapa wengi huchanganyikiwa. Asilimia 20 hiyo ni ya ada, siyo ya mkopo. Kwa hiyo ni asilimia 20 ya 30,000, ambayo ni 6,000. Pesa hiyo haibaki benki, inakwenda KRA, lakini anayeilipa ni wewe.

Halafu bima. Bima hii ni ile ambayo ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, kwa masharti yaliyoandikwa, inalipa deni ili familia isinyang'anywe shamba. Asilimia 0.45 ya 1,200,000 ni 5,400 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 16,200. Angalia miaka hiyo vizuri. Kuna watu waliomba miezi 60, baadaye wakabadilisha wakapewa 36, lakini bima ikabaki imepigwa kwa miaka mitano. Ukigawa malipo yako ya bima kwa idadi ya miaka ya mkopo wako na usipate kiasi cha bima cha mwaka mmoja, uliza.

Mwisho ushuru wa stempu. Huu hulipwa serikalini kwa sababu hati ya dhamana, ile karatasi inayosema shamba lako limewekwa rehani, lazima igongwe stempu kabla ya kusajiliwa. Kwa rehani ya namna hii Kenya kiwango ni asilimia 0.1 ya kiasi kinachodhaminiwa. Kwa mwenzetu ni 1,200 tu. Tusichanganye na ushuru wa stempu wa kununua ardhi, ambao ni asilimia 4 mijini na asilimia 2 vijijini. Huo ni wa kuhamisha umiliki, na mtu anayeweka rehani shamba ambalo tayari ni lake hahusiki nao. Ukiona ushuru wa stempu wa makumi ya maelfu kwenye mkopo wa kujenga, kuna mtu amechukua kiwango kisicho chake.

Ukijumlisha: 30,000 na 6,000 na 16,200 na 1,200, unapata 53,400. Toa kwenye 1,200,000, inabaki 1,146,600. Hiyo ndiyo pesa iliyopaswa kuingia. Iliyoingia ni 1,131,760. Tofauti ambayo barua ya ofa haiielezi ni 14,840.

Sasa ndipo ukaja ushindani wa mawazo pale jikoni. Mmoja wetu akasema aachane nayo, elfu kumi na nne kwenye milioni ni kitu gani, na mtu mwenyewe ameshukuru kupata mkopo akiwa nje. Tunaliheshimu wazo hilo kwa sababu linatoka kwa mtu aliyewahi kunyimwa. Lakini tuliliweka kwenye hesabu. Mwenzetu analipa riba juu ya 1,200,000 nzima, siyo juu ya alichopokea. Marejesho yake kwa mwezi ni karibu 42,190. Sehemu inayotokana na hiyo 14,840 ni kama shilingi 522 kila mwezi, na kwa miezi 36 inafika karibu 18,800. Yaani pesa ambayo hakuishika hata siku moja, atailipa na riba juu yake kwa miaka mitatu. Hapo hata yule mwenzetu akanyamaza.

Tukaitafuta 14,840. Njia yetu ni rahisi na mtu yeyote anaweza. Kwanza unaangalia kama tofauti inalingana na kitu ulichokwisha lipa. Tukamwambia afungue ujumbe wa M-Pesa wa miezi miwili nyuma. Tukaukuta: alimlipa mthamini wa shamba 11,600, yaani 10,000 ya kazi na 1,600 ya VAT kwa asilimia 16. Benki ilimtaka alipe kabla mthamini hajaenda shambani, akalipa. Ukitoa 11,600 kwenye 14,840 inabaki 3,240.

Hatukuwa na uhakika bado. Pesa kulingana ni dalili, si ushahidi. Lakini ilikuwa dalili nzuri ya kwamba gharama ya mthamini ilikatwa mara ya pili, kwa sababu kwenye mfumo wa benki iliandikwa kama deni la mteja na hakuna aliyeifuta baada ya yeye kulipa. Kosa hili ni la kawaida kwenye mikopo yenye dhamana ya ardhi, na linatokea pia kwa wakili. Wakili wa benki anaweza kukutumia ankara ambayo ndani yake tayari kuna ushuru wa stempu, ukamlipa yeye, halafu benki ikaukata tena siku ya kutoa mkopo. Ndiyo maana kila risiti ya kabla ya mkopo tunaiweka kwenye bahasha moja na barua ya ofa.

Ikabaki 3,240. Hapa tunatumia njia ya pili: unachukua tofauti iliyobaki na kuigawa kwa kila kiasi ulichonacho kwenye karatasi, uone kama inatoka asilimia inayojulikana. 3,240 kwa 30,000 ni asilimia 10.8, haina maana. 3,240 kwa 1,200,000 ni asilimia 0.27, haina maana. 3,240 kwa 16,200 ni asilimia 20 kamili. Hapo tukatazamana.

Asilimia 20 ya malipo ya bima. Ina maana mfumo ulijumlisha ada na bima, 46,200, ukazipiga zote ushuru wa bidhaa na kupata 9,240 badala ya 6,000. Lakini ushuru ule ni wa ada za benki. Sheria inaondoa wazi riba ya mkopo na malipo ya bima. Benki ikikukusanyia bima, pesa ile inapitia tu mikononi mwake kwenda kampuni ya bima. Haiwi ada yake kwa sababu tu imekatwa siku hiyo hiyo.

Asubuhi yake mwenzetu aliandika barua pepe. Hakupiga simu, kwa sababu simu haiachi alama. Tunaiweka hapa karibu kama alivyoiandika, kwa sababu wengi wetu hukwama kwenye maneno kuliko kwenye hesabu:

"Habari za kazi. Mkopo wangu uliidhinishwa kwa shilingi 1,200,000 na akaunti yangu imepokea 1,131,760. Kwa mujibu wa barua ya ofa nimehesabu makato ya 53,400, hivyo nilitarajia 1,146,600. Naomba mchanganuo wa kila kato, jina lake, kiasi chake na tarehe yake, pamoja na risiti ya ushuru wa stempu na cheti cha bima. Naomba pia mthibitishe kama gharama ya mthamini, niliyolipa mwenyewe na risiti naiambatanisha, imekatwa tena, na kama ushuru wa bidhaa umetozwa juu ya bima."

Angalia barua hiyo inafanya nini. Haimtuhumu mtu. Inataja kiasi kinachotarajiwa na namna kilivyopatikana. Inaomba mchanganuo, na inaomba karatasi mbili ambazo lazima ziwepo kama makato yalifanyika kweli. Ushuru wa stempu hulipwa KRA na malipo yake yana risiti. Bima iliyolipiwa ina cheti chenye jina lako, kiasi cha mkopo na tarehe ya kuanza na kuisha. Kama umekatwa bima na cheti hakipo, basi hujui kama una bima, na hilo ni kubwa kuliko shilingi 16,200. Siku familia inapokwenda kuidai ndipo itajulikana.

Mchanganuo ulikuja baada ya siku chache na ulionyesha vile vile: gharama ya mthamini 11,600 ilikuwa imo, na ushuru wa bidhaa 9,240. Pesa zote mbili zilirudishwa. Lakini hapa pia tulimwambia aangalie zilirudishwa wapi. Zikiingia kwenye akauntí yako, unazishika na deni linabaki 1,200,000. Zikiingia kwenye akaunti ya mkopo, deni linapungua, na ratiba ya marejesho inapaswa kubadilika. Vyote viwili ni sawa, mradi usiwe umerudishiwa kwenye mkopo huku ratiba ikibaki ile ile.

Na tukifika kwenye ratiba, kuna kosa moja ambalo halionekani kabisa kwenye kiasi kilichoingia. Benki nyingine hazikati gharama kwenye mkopo, zinaziongeza juu ya mkopo. Kwa mfano wetu, ungepokea 1,200,000 kamili lakini deni lako lingeanza na 1,253,400. Hiyo ni njia halali kama mlikubaliana hivyo. Tatizo ni mtu akikatwa na kuongezewa kwa wakati mmoja: akauntini inaingia 1,146,600, na ratiba inaanza na 1,253,400. Amelipishwa gharama zile zile mara mbili. Kuligundua ni sekunde kumi: tazama salio la kwanza kabisa kwenye ratiba ya marejesho, lilinganishe na kiasi kilichoidhinishwa. Kama makato yalitolewa kwenye pesa uliyopokea, salio hilo lazima liwe sawa na kiasi kilichoidhinishwa, bila kuzidi hata shilingi.

Kabla ya kusema umepunjwa, ondoa pia sababu mbili za upungufu ambazo si makato. Kama ulikuwa na mkopo wa zamani pale pale na huu ni wa kuongezea, benki hulipa kwanza salio la zamani na kukupa kilichobaki. Na kama ni mkopo wa ujenzi, pesa inaweza kuwa inatolewa kwa awamu, msingi, kuta, paa, na ulichopokea ni awamu ya kwanza tu. Na usihesabu kwa krona. Wengine hupima mkopo kwa kile kilichoonekana kwenye simu baada ya kubadilishwa, kisha wanailaumu benki kwa kiwango cha kubadilisha fedha. Ulinganisho ufanyike kwa sarafu ya mkataba.

Tunajua wengine watasema Uswidi mambo ni tofauti, hapa kila kitu kiko wazi. Ni kweli kwamba sheria ya mikopo ya walaji hapa inamtaka mkopeshaji akueleze gharama yote kabla hujasaini, na ile `effektiv ränta` unayoiona kwenye karatasi ina ada ndani yake pamoja na riba. Lakini anayenunua nyumba ya kusimama peke yake hapa na kuhitaji `pantbrev` mpya hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kiasi cha hati hiyo, pamoja na ada ya krona 375. Wapo waliokuja kuijua siku ya malipo, kwa sababu hawakuuliza. Kwa hiyo uwazi wa nchi haukuondolei kazi ya kuuliza. Kenya nayo, chama cha mabenki pamoja na Benki Kuu walifungua mwaka 2017 tovuti ya kulinganisha gharama yote ya mkopo, na masharti ya Benki Kuu ya kumlinda mteja yanaitaka benki ikueleze ada kabla. Haki ya kuuliza unayo, huombi hisani.

Maoni yetu basi ni haya. Usisaini barua ya ofa ambayo haina kiasi kitakachoingia akauntini, kwa shilingi, siyo kwa asilimia. Afisa akikwambia "itategemea na kodi", mwambie kodi zina viwango na kompyuta yake inavijua. Akikataa kukiandika, mwombe akitume kwa barua pepe. Sentensi moja yenye kiasi hicho ingemwokoa mwenzetu usiku mzima wa hesabu.

Na usimwahidi fundi au muuzaji kwa kiasi kilichoidhinishwa. Ahidi kwa kitakachoingia. Kama unahitaji 1,200,000 kamili mkononi, usiongeze tu asilimia ya makato juu yake. Kwa viwango vya mwenzetu makato yote ni asilimia 4.45 ya mkopo. Ukiomba 1,253,400, makato nayo yatakua, na utapokea kama 1,197,600, bado pungufu. Njia sahihi ni kugawa: 1,200,000 kwa 0.9555. Inatoka karibu 1,255,900. Omba 1,256,000 na utapokea 1,200,108. Lakini jiulize kwanza kama unazihitaji kweli hizo nyongeza, kwa sababu utazilipia riba.

Benki isipojibu barua yako, peleka malalamiko rasmi kwa maandishi ofisi yake ya huduma kwa wateja, upate namba ya malalamiko, na ikishindikana hapo uende Benki Kuu ya Kenya ukiwa na barua zako zote. Ambaye mkopo wake ni wa Sako inayopokea amana, msimamizi ni SASRA. Hata huko watakuuliza swali lile lile tulilomuuliza mwenzetu jikoni: ulitarajia kiasi gani, na umekipataje?

Mwenzetu alimtumia fundi wa mabati pesa yake wiki moja baadaye. Fundi alinuna, lakini paa lipo juu.